Sista Dozi na Matibabu ya Korido

Kila Jumatano alfajiri, nyumba ile ilisimama kwa ajili ya kidonge kimoja.

Sista Dozi alikimeza kabla hajaonja chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha akabaki wima nusu saa akitazama ukuta. Halali, haketi kwa kuegemea, hanywi chai. Mdogo wake, msusi anayefanyia kazi zake sebuleni, alikwishazoea kukaa jikoni na birika lililochemka akisubiri ruhusa.

"Dada, umeshamaliza gwaride?"

"Bado."

"Bendera ikipanda niite."

Lile jina la Dozi hakupewa nyumbani. Alipewa na wodi ya wanawake aliyoiongoza mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuna mgonjwa aliyetoka mikononi mwake na vidonge vimebaki chini ya mto. Aliinua mito, alifunua magodoro, aliwahi kukuta dawa ndani ya soksi. "Maliza dozi!" lilikuwa neno lake la salamu na la kuagana. Wagonjwa walimwogopa kuliko ugonjwa, jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa ni sehemu ya tiba. Hata baada ya kustaafu hospitali ilimwomba arudi siku tatu kwa wiki awanyooshe wauguzi wapya, naye akarudi na viatu vyake vyeupe na sauti ileile.

Kidonge cha Jumatano kilianza baada ya kuteleza bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono. Kipimo cha uzito wa mifupa kilionyesha mifupa iliyokonda, na daktari wa wakati huo akamwandikia alendroneti, dawa ya kuzuia mfupa usiendelee kupungua. Alimwambia ameze mara moja kwa wiki, kisha baada ya miaka kama mitano waketi tena, wapime upya, waamue kama aendelee au apumzike. Lilikuwa agizo zuri sana, lenye kasoro moja: daktari mwenyewe alihama kabla miaka hiyo haijafika, na hakuna aliyeachiwa urithi wa swali lake. Sista Dozi alibaki na nusu ya agizo aliyoipenda, ile ya kumeza. Miaka kumi na moja ikapita bila kuruka Jumatano hata moja.

Na nani angemuuliza? Hapo ndipo inabidi kueleza heshima kubwa wanayopeana watu wa hospitali. Mgonjwa wa kawaida hupanga foleni, huketi, huvuliwa nguo, hupimwa, huulizwa maswali ya kuchosha kuhusu mama yake alikufa kwa nini. Mtu wa ndani hafanyiwi udhalilishaji kama huo. Mtu wa ndani hutibiwa koridoni, amesimama, kati ya mlango wa maabara na ndoo ya fundi bomba. "Daktari, kile kidonge changu kimeisha." "Lete kalamu, Sista." Sahihi hutiwa karatasi ikiegemezwa ukutani, kila mtu anaendelea na safari yake, na wote wawili wanaona wameheshimiana. Kwa njia hiyo Sista Dozi alihudumiwa na madaktari wengi kuliko mgonjwa yeyote wa hospitali ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumchunguza.

Maumivu yalianza kwa adabu. Yalikaa upande wa nje wa paja la kulia, katikati, kama jino linalouma bila kutoboka. Yalikuja anapoinuka kitini na katika hatua za mwanzo, kisha yakanyamaza. Hakuwa ameanguka wala hakugonga popote. Baada ya mwezi yakaacha kunyamaza.

"Unachechemea," msusi alimwambia.

"Sichechemei. Napumzisha mguu huku natembea."

"Loo! Ndiyo maana wagonjwa wako walikuwa wanapona. Walikuwa wanakimbia maelezo."

Korido likaitwa kazini. Daktari wa magonjwa ya ndani, mtu mchangamfu aliyekuwa amemwandikia kile kidonge miaka ya karibuni yote, alimsikiliza akiwa na mguu mmoja tayari ndani ya lifti. "Sista, na sisi tunazeeka," alisema, na mlango ukafunga uchunguzi huo. Mtaalamu wa viungo aliona ni mshipa unaotoka mgongoni, akamwonyesha zoezi la kujinyoosha, naye akalifanya kwa utiifu wa kutisha. Mfamasia akampa dawa ya kupaka yenye harufu ya kufukuza wageni. Watu wa eksirei nao hawakubaki nyuma: walimpitisha haraka, bila foleni, wakampiga picha ya goti, na wiki iliyofuata ya kiuno. Goti lilikuwa safi na kiuno kilikuwa cha umri wake. Paja lenyewe, mahali alipokuwa akiweka kiganja kila alipolalamika, halikupigwa picha na yeyote. Lilikuwa kama kipande cha barabara kati ya wilaya mbili, kila mwenyekiti akiamini ni cha mwenzake.

Katika miezi hiyo mitatu hakuacha Jumatano. Mifupa ikiuma, alijiambia, ndiyo sababu zaidi ya kumeza dawa ya mifupa.

Asubuhi moja alimkuta daktari wa mifupa nje ya wodi. Alimfahamu tangu akiwa kijana aliyetoka chuoni, koti limemzidi mabega. Sista Dozi aliwahi kumfukuza wodini mbele ya watu kwa kosa la kumwuliza mgonjwa maswali akiwa mlangoni.

"Daktari mwanangu, nitazamie hapa kidogo," alisema, akijishika paja. "Ni dakika moja tu."

Daktari alimtazama anavyosimama, uzito wote kwenye mguu wa kushoto.

"Hapana, mama."

"Hapana nini?"

"Hapa sitazami. Kata kadi, keti benchi, nitakuita."

"Mimi? Benchi?"

"Benchi lenyewe limetengenezwa vizuri, mama. Na uje leo, si kesho."

Alitoka pale amefura. Aliporudi nyumbani alisimulia tusi hilo tangu mlangoni, na wateja wawili wa msusi waliokuwa wamesukwa nusu vichwa walilazimika kumpa pole.

"Amesema uje leo?" msusi aliuliza, kitana mdomoni.

"Amesema nikae benchi! Na watu!"

"Ukiondoa hiyo habari ya watu, amesema leo?"

"Amesema."

"Basi mbona uko hapa?"

Sista Dozi akainuka. Ile hatua ya kwanza ilimfanya ashike mgongo wa kiti na macho yakamtoka maji. Wateja walitazama sakafu. Msusi alikwishavaa viatu.

Benchi la kliniki ya mifupa lilikuwa na watu kumi na benchi lenyewe la watu sita. Bibi mmoja mwenye mkono uliofungwa alimsogezea nafasi.

"Mara ya kwanza, shoga?"

"Nimefanya kazi hapa miaka thelathini."

"Ehee. Na hujui kwamba ukikaa upande huo unapigwa na mlango?"

Mlango ukampiga.

Alipoitwa, daktari wa mifupa alimfanyia yale yote ambayo korido lilikuwa limemwepusha nayo. Alimlaza. Aliuliza maumivu yalianza lini, yanauma wapi, usiku yanakuwaje, ameanguka au hakuanguka. Aligeuza nyonga taratibu, akakunja goti, halafu akapita na vidole upande wa nje wa paja mpaka mahali fulani ambapo Sista Dozi alitoa sauti ambayo hajawahi kumruhusu mgonjwa wake kuitoa.

"Dawa gani unatumia?"

"Za kawaida tu. Ya presha. Na ile ya mifupa, ya Jumatano."

"Tangu lini?"

Akajibu. Daktari akaacha kuandika.

"Mfululizo? Bila kupumzika?"

"Mimi si mtu wa kuruka dozi," alisema Sista Dozi kwa fahari, kisha akauona uso wa aliye mbele yake.

Alipelekwa eksirei kwa kiti cha magurudumu, akilalamika njia nzima kwamba anaweza kutembea. Safari hii picha zilikuwa za paja zima, kutoka nyonga mpaka goti, kwa mbele na kwa ubavu, na mguu wa kushoto pia, ambao haukuwa umelalamikia chochote.

Daktari aliziweka kwenye kioo chenye taa na kumsogeza karibu. Sista Dozi alikuwa ameona mifupa iliyovunjika mingi, vipande vipande, ya ajali na ya kuanguka. Huu haukuwa umevunjika. Ulikuwa umenyooka, mweupe, ganda lake nene. Ila katikati ya upande wa nje ganda lilikuwa limevimba na kuchomoza kama mdomo mdogo wa ndege, na kutoka pale kwenye mdomo mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ulikatiza kuingia ndani ya mfupa.

"Huo mstari ni nini?" aliuliza, ingawa sauti yake ilikwishajua.

"Ni ufa. Umeanza nje, unaelekea ndani. Ukifika ng'ambo, mfupa unakatika. Si kwa kuanguka. Kwa kugeuka jikoni, kwa kushuka ngazi moja. Watu wengine husema walisikia umekatika kwanza ndipo wakaanguka."

Msusi, aliyekuwa amesimama nyuma, alishika mishikio ya kiti cha dada yake kana kwamba kingeondoka chenyewe.

"Lakini anameza dawa ya mifupa, daktari."

"Ndiyo hiyo." Daktari alivuta kiti. "Mfupa si jiwe, mama. Una mafundi wa kubomoa na mafundi wa kujenga, kila siku wako kazini. Mifupa yako ilikuwa inabomolewa kuliko inavyojengwa, ile dawa ikawalaza wabomoaji. Ikakusaidia kweli. Tangu ule mkono, umevunjika tena popote? Hukuvunjika. Lakini kutembea kwenyewe huleta nyufa ndogondogo, na ufa hauzibwi mpaka mbomoaji atoe kwanza kile kibovu. Amelala. Mwaka wa sita, wa nane, wa kumi, amelala. Na paja, kila unapokanyaga, huvutwa upande wa nje. Nyufa zinajikusanya hapo. Mfupa unajaribu kujipiga plasta kwa juu, ndio huu uvimbe, lakini ndani hapaungi."

"Kwa hiyo tumekuwa tunampa sumu?" msusi aliuliza.

"Hapana. Usiende kuwatangazia wateja wako hivyo. Dawa hii imeokoa nyonga nyingi kuliko mapaja iliyoharibu, na hili la dada yako ni nadra. Ila dawa yoyote ya namna hii lazima mtu mmoja akae chini aulize: bado inahitajika?"

Hakutaja korido. Hakuwa na haja.

Maagizo yalikuwa mafupi. Kidonge kisimame leo. Mguu wa kulia usikanyage kwa uzito, atembelee magongo. Apimwe vitamini D na kalsiamu, aongezewe kinachopungua. Mguu wa kushoto ulionyesha ganda limeanza kunenepa mahali palepale, bila mstari. Huo utafuatiliwa kwa picha, na ukiuma hata kidogo aseme siku hiyohiyo. Na wa kulia, kwa kuwa kuna mstari na kuna maumivu, yeye alishauri uwekewe chuma kirefu ndani ya uboho, toka juu nyongani mpaka karibu na goti, kabla haujakatika. Aliweza pia kukaa na magongo miezi kadhaa na kuomba ufa ujifunge. Ungeweza kujifunga. Kwa picha ile, daktari hakuweka matumaini mengi.

"Ninatembea kwa miguu yangu miwili," Sista Dozi alisema, "na wewe unataka kunipasua?"

"Nataka nikupasue ukiwa unatembea. Ukishakatika nitakupasua vilevile, ila utakuwa umekuja kwa machela, na mfupa wa namna hii huchelewa sana kuunga."

Akaomba siku ya kufikiri. Daktari alimpa, pamoja na magongo na onyo.

Nyumbani kukafanyika kikao. Kaka yao mkubwa alikuja na maoni aliyokuwa ameyakamilisha njiani.

"Mguu mzima utiwe chuma? Mzima! Gari likiwa linatembea unashusha injini?"

"Ukisikia inagonga, ndiyo," msusi alisema.

"Wewe nyamaza, suka nywele. Dada, dawa ya mifupa inavunja mifupa? Kesho utaambiwa maji yanaleta kiu."

"Kaka, picha nimeiona."

"Umeiona, umeiona. Unywele! Tunapasuana kwa sababu ya unywele?"

Kusema kweli Sista Dozi alitamani kaka yake ashinde. Aliwahi kuwasukuma wagonjwa mamia kwenda chumba cha upasuaji akiwaambia si kitu, na sasa aligundua kuwa hakuwahi kujua anachokisema. Hofu yake haikuwa kisu. Ilikuwa kulala kitandani na kuinuliwa mto na muuguzi aliyemfundisha mwenyewe. Juu ya hilo kulikuwa na aibu ndogo, ngumu kumeza: alikuwa ametii kuliko watu wote, na hii ndiyo zawadi.

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani, mchangamfu kama kawaida. Habari zilikwishamfikia.

"Sista, pole sana. Lakini usikimbilie visu. Hawa vijana wa mifupa wanapenda nyundo. Hiyo dawa nimekuandikia miaka yote, haina neno. Pumzika wiki mbili, tutaona."

"Daktari, ulinianzishia lini?"

"Mimi? Sikukuanzishia mimi."

"Nani?"

"Aa... yule aliyekuwepo kabla. Au wa kabla yake. Sisi tulikuwa tunaendeleza tu."

"Mlikuwa mnaendeleza."

"Ndiyo, tunaendeleza. Na wewe mwenyewe, Sista, hukuwahi kuja kuketi."

Kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yao ya miaka mingi alikuwa amesema jambo la kitaalamu, na lilikuwa sahihi. Sista Dozi alimshukuru kwa dhati, akakata simu.

"Anasemaje?" kaka aliuliza kwa shauku.

"Anasema nipumzike, tutaona."

"Si umesikia! Daktari mwenyewe!"

"Nimesikia. Mdogo wangu, nipangie nguo mbili na kanga. Tunarudi leo."

"Dada, hujanywa hata chai," kaka alisema, akihisi mkutano unamponyoka.

"Chai nitaikuta wodini. Kesho napasuliwa."

Aliinuka kwa magongo, mguu wa kulia ukining'inia kama mzigo wa mtu mwingine. Kizingiti cha mlango wa mbele kina ngazi moja. Alikwishaishuka mara elfu bila kuiona. Safari hii alisimama juu yake akaitazama, na kaka yake, aliyekuwa bado anabisha, akaja akamshika kiuno, wakaishuka pamoja kama watu wanaobeba kioo.

Walimchoma ganzi ya mgongo, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alisikia vyuma vikihesabiwa na akamsahihisha aliyehesabu. Aliuliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Daktari wa mifupa alieleza nyuma ya pazia kwamba mfupa wake umepinda kidogo kwa mbele, na chuma lazima kiufuate mpindo huo taratibu, kwani kikilazimishwa chenyewe kitaukata mfupa pale penye ufa.

"Basi taratibu ndiyo nini, mbona nasikia nyundo?"

"Mama, hii ndiyo taratibu."

"Na mimi nimelala hapa nazungumza nini?"

"Hata sisi tunajiuliza," alisema mtu wa ganzi.

Nyundo ikaendelea, kwa vipindi, na mwili wake ulitikisika bila kuuma. Kuna wakati wote waliacha kazi wakatazama kioo cha eksirei. Hakuuliza. Alitazama taa juu na kushika ukingo wa kitanda.

"Kimepita," daktari alisema. "Mfupa mzima."

Sista Dozi alifumba macho, na machozi yakaenda kwenye masikio, mahali pasipofaa kwa mtu wa cheo chake.

Wodini alikuwa mgonjwa mbaya, kama ilivyotarajiwa. Lakini siku ya pili alipoinuliwa akanyage, kwa magongo, mguu ulishika. Lile jino lililokuwa pajani halikuuma. Kulikuwa na maumivu mapya ya vidonda vya nyongani, makali, ila hayo alijua jina lake na alijua yataisha.

Ufa wenyewe haukuwa na haraka. Picha ya miezi mitatu ilionyesha mstari uleule, umefifia kidogo. Alidai aambiwe tarehe ya kupona. Daktari alikataa. Akadai tena. Daktari akasema mafundi wamelala miaka kumi na moja, wanaamka polepole, na kwamba dawa huendelea kukaa ndani ya mifupa muda mrefu baada ya kuachwa. Kama kuunga kutasuasua, ipo sindano ya kuchochea ujenzi, si rahisi kupatikana, wataizungumzia wakiwa wameketi. Mguu wa kushoto ulikuwa kama ulivyokuwa: uvimbe upo, mstari hakuna.

"Kwa hiyo huu unaweza kukaa hivi maisha yangu yote?"

"Unaweza."

"Au ukaniamkia kesho?"

"Unaweza pia. Ndiyo maana tunauangalia."

Alitaka kumwambia kwamba hayo si majibu. Alikwishawapa watu majibu maisha yake yote, yakiwa yamenyooka na kumaliziwa kwa alama ya mshangao. Badala yake akauliza arudi lini, na akarudi alipoambiwa.

Asubuhi siku hizi hukaa ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Huweka kiganja upande wa nje wa paja la kushoto, hubonyeza kwa vidole vitatu toka juu kwenda chini, akisikiliza kwa makini kama mtu aliyeweka sikio mlangoni.

"Ukianza, sema mapema," huliambia. "Usinyamaze kama mwenzako. Na mimi sitakuambia ni uzee."

"Unaongea na nani huko?" msusi huuliza kutoka jikoni.

"Na mgonjwa."

"Anasemaje?"

Sista Dozi hubonyeza tena, mara ya mwisho, na kusubiri.

"Leo hajasema kitu," hujibu, kisha hushika gongo, na kuinuka.